Kichwa cha mwalimu kwenye kona ya slaidi: dhana na ukweli

Shule na vyuo vya Moshi vina walimu wengi sasa wanaorekodi vipindi kwa PowerPoint, slaidi zikiwa zimejaa skrini na wao wenyewe wakionekana kwenye kidirisha kidogo pembeni, ili mwanafunzi aliyekosa kipindi au anayejisomea usiku aangalie baadaye. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachosumbua ni mambo ambayo walimu wameambizana kwenye ofisi ya walimu mpaka yakageuka kuwa sheria.

Dhana: Kona ya chini kulia ndiyo mahali pa kamera, mashine yenyewe imepapanga.

Ni kweli PowerPoint ikirekodi na kamera huweka picha yako chini kulia. Inaiweka hapo bila kujua slaidi yako ina nini.

Chukua somo la Jiografia kuhusu mvua ya milima, ambalo mwalimu wa Moshi hana haja ya kutafuta mfano mbali. Mchoro una Mlima Kilimanjaro katikati. Kushoto, upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapanda upande wa kusini, kwenye Marangu, Machame na Kibosho, hewa inapoa na mvua inanyesha. Kulia, upande wa kaskazini, hewa inashuka ikiwa imeshapoteza unyevu wake, na hapo chini mwalimu ameandika “kivuli cha mvua”. Sasa rekodi. Maneno hayo, ambayo ndiyo kiini cha somo, yamekaliwa na kichwa cha mwalimu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakati wa kurekodi haoni tatizo, maana mchoro anaujua kwa moyo. Atalijua siku mwanafunzi atakapomwandikia: “Shikamoo Madam, kule kulia umeandika nini? Umepaziba.”

Dawa yake ni kuamua nafasi ya kamera kabla ya kuandika slaidi ya kwanza. Slaidi pana ya kawaida ina upana wa sentimita 33.87 na kimo cha sentimita 19.05. Kidirisha cha upana wa moja ya tano kitachukua kama sentimita 6.8 kwa 3.8. Chora mstatili wa ukubwa huo kwenye kona uliyoichagua, uuache kwenye slaidi zote unapoandaa somo, na usiweke kitu juu yake. Kabla ya kurekodi, ufute. Mimi hupendelea kona ya juu kulia, na kichwa cha habari cha slaidi nakianzisha kushoto ili kisifike huko. Sehemu ya chini ya video ina wapangaji wengine: mwanafunzi akigusa skrini ya simu, mstari wa kucheza na kusimamisha hutokea huko huko.

Anayetumia PowerPoint ya Microsoft 365 ana njia nyepesi zaidi. Kwenye Insert kuna Cameo, ambayo huweka fremu ya kamera kwenye slaidi kabla hujarekodi. Unaisogeza na kuipunguza kama picha nyingine yoyote, na kila slaidi inaweza kuwa na fremu yake mahali pake.

Dhana: Kama kidirisha kinaziba, nitakifuta baadaye kwenye slaidi hiyo tu.

Hii imewaliza wengi. Ukirekodi kamera ikiwa imewashwa, picha na sauti yako kwenye slaidi ile ni kitu kimoja. Ukikibofya na kukifuta, umefuta na maelezo. Mchoro utabaki wazi kabisa, lakini bubu. Kusogeza kunaruhusiwa, kupunguza ukubwa kunaruhusiwa, ila kufuta usithubutu. Kama slaidi fulani inahitaji nafasi yote, zima kamera kabla ya kuirekodi na uache maiki ikiendelea. Kwani nani kasema uso lazima uwepo muda wote? Uonekane unaposalimia, unapoanza hoja mpya na unapofunga. Mchoro ukiwa mzito, jiondoe.

Dhana: Ukikosea katikati, unaanza upya.

Hapana. PowerPoint hurekodi kila slaidi peke yake. Umejikwaa slaidi ya saba? Rudi kwenye slaidi hiyo, fungua Record, chagua From Current Slide, irekodi tena, na usimame kabla hujaingia ya nane. Nyingine zitabaki kama zilivyokuwa.

Ila utaratibu huo una mtego wake. Slaidi inapobadilika, kile kitambo cha mpito hakirekodiwi sauti. Mwalimu anayebofya huku akiendelea kuongea atasikika akisema “na ndiyo maana upande wa kaskazini…” kisha sentensi inakatika, na slaidi inayofuata inaanzia katikati ya neno. Maliza sentensi, nyamaza, bofya, subiri slaidi itulie, ndipo uendelee. Ukirekodi hivyo utajiona kama unaburuza, lakini anayetazama hatambui. Na usilianze neno la slaidi ya tisa ukiwa bado kwenye ya nane, la sivyo siku ukirekodi upya mojawapo hazitaungana.

Dhana: Kamera nzuri ndiyo video nzuri.

Kwenye simu iliyolazwa, yenye skrini ya upana wa sentimita 14 hivi, kidirisha cha moja ya tano ni kama sentimita 2.8. Kwa ukubwa huo kamera ya kompyuta mpakato inatosha, mradi dirisha liwe mbele yako na si mgongoni. Dirisha likiwa nyuma, kamera inapima mwanga wa nje na wewe unabaki kivuli.

Sauti ndiyo inayoamua. Maiki ya kompyuta iko mbali na mdomo na jirani na feni yake, kwa hiyo inachukua vyote. Maiki ya hedifoni za simu, ikikaa kama sentimita 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, inaishinda bila shida. Tatizo letu la hapa ni bati. Kati ya Machi na Mei mvua ikishika, chumba kisicho na dari hakirekodiki, na hakuna maiki itakayokuokoa. Rekodi asubuhi mapema kabla ya bodaboda kuchangamka, na fanya jaribio la slaidi moja kwanza. Jisikilize kwa simu, siyo kwa spika za kompyuta, kwa sababu wanafunzi nao watakusikia kwa simu.

Dhana: Video itolewe kwa ubora wa juu kabisa ili maandishi yasomeke.

Unapotoa video, PowerPoint inakupa viwango kadhaa. Full HD (1080p) ina nukta 2,073,600 kwa kila picha, wakati HD (720p) ina 921,600, yaani chini ya nusu. Slaidi yenye herufi kubwa inasomeka vizuri kwa 720p, na bando la mwanafunzi linapona. Herufi ndogo haziokolewi na 1080p zikishafika kwenye simu. Zikuze kwenye slaidi yenyewe.

Maandishi mara nyingi huharibikia njiani. Ukituma video kwenye kundi la WhatsApp kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana, na kingo za herufi huvurugika kabla hata ya uso wako. Itume kama hati: bonyeza alama ya kiambatisho, chagua Document, kisha faili lenyewe. Litafika kama lilivyotoka kwako, kwa hiyo litakuwa zito zaidi. Ndiyo maana somo la dakika 40 ni bora likatwe vipande vya dakika kama 10, kila kimoja na jina linaloeleweka, kwa mfano `Mvua_ya_milima_2_Kivuli_cha_mvua.mp4`, ili aliyekwama kwenye kivuli cha mvua apakue hicho tu.