Kazi nne ndani ya miaka mitano: dhana potofu kuhusu kujieleza kwenye usaili

Dhana: Msaili anachukizwa na idadi ya kazi.

Ukweli: Idadi humfanya aulize tu. Kinachomtia hofu ni gharama. Mfanyakazi mpya huhitaji miezi kadhaa kabla hajaizoea kazi, na muda wote huo analipwa huku wenzake wakiacha shughuli zao ili wamwelekeze. Akiaga mara tu anapoanza kuzalisha, mwajiri anarudi mwanzo. Kwa hiyo ndani ya swali "Mbona umehamahama?" kuna maswali mawili: je, huwa unakaa hadi uone matokeo ya kazi yako mwenyewe? Na hapa kwetu, kitu gani kitakuondoa? Wengi hujibu la kwanza, tena nusunusu, na la pili hawaligusi kabisa.

Dhana: Inatosha kueleza kwa nini uliondoka kila mahali.

Ukweli: Hapa ndipo watu wengi wanapojiponza. Sababu za kuondoka zinaweza kuwa za kweli kabisa, lakini zikitajwa nne mfululizo zinageuka malalamiko: kule mshahara mdogo, kule bosi mkali, kule hakuna kupanda cheo. Msaili anaanza kujiuliza yeye atalaumiwa kwa lipi.

Kinachoonyesha kukua ni kile ulichobeba kutoka kazi moja kwenda nyingine. Kwa kila kazi jiulize: siku natoka, niliweza kufanya nini ambacho siku naingia sikukiweza? Na kazi iliyofuata ilikitumiaje?

Tuseme mwombaji alikuwa karani wa stoo kwa miezi 14, akafanya mkataba wa mradi wa miezi 9, akawa msaidizi wa ununuzi kwa miezi 20, na sasa ni afisa ununuzi mwenye miezi 11. Anaomba kazi ya kusimamia kitengo cha ununuzi. Akieleza kazi moja moja, atasikika kama mtu asiyetulia. Lakini anaweza kusema hivi:

"Nilianzia stoo, nikajifunza kuhesabu mali na kugundua upotevu. Mradi ulinichukua kwa ujuzi huohuo, nikaanzisha stoo yao na kuikabidhi mkataba ulipoisha. Pale niliona kwamba matatizo mengi ya stoo huanzia kwenye manunuzi, nikahamia huko kama msaidizi. Nilikaa mpaka nikashiriki zabuni za mwaka kuanzia kutangazwa hadi mizigo kupokelewa. Sasa nazungumza na wauzaji mwenyewe, ila kitengo chetu kina watu wawili na mkuu wangu ndiye anayepanga bajeti. Hapo ndipo ninapotaka kufika."

Maelezo hayo hayafiki dakika mbili. Hayajamsema mtu vibaya, na yametaja kazi zilizokamilika: stoo iliyokabidhiwa, zabuni zilizofika mwisho. Ukamilifu huo una uzito kuliko vyeo. Mhasibu aliyeondoka mara mbili kabla ya kufunga hesabu za mwaka ataulizwa tu, hata kama kila alipokwenda alipanda cheo.

Jiandae pia kwa swali la nyongeza kama "Huyo muuzaji wa kwanza mlikubaliana nini?" Maelezo yaliyopambwa huporomoka hapo.

Dhana: Kazi fupi zifichwe kwa kuandika miaka bila miezi.

Ukweli: "2021–2022" inaweza kuwa miezi miwili au karibu miaka miwili, na msaili mzoefu anajua hivyo. Atauliza miezi, au atawapigia wadhamini wako. Kazi ya wiki chache isiyohusiana unaweza kuiacha nje ya wasifu, ila fomu ikidai kazi zote, zitaje zote. Ya mkataba iandikwe wazi: "mkataba wa miezi 9, ulimalizika." Maneno hayo machache huondoa swali zima.

Dhana: Kila kuhama lazima kuonekane kulipangwa.

Ukweli: Maisha hayaendi hivyo, na msaili naye amewahi kuhama. Kama kampuni ilipunguza watu, sema ilipunguza watu. Kama kazi moja haikukufaa, ieleze kwa sentensi mbili: ulidhani ni nini, ukakuta nini, na tangu hapo huwa unauliza nini kabla ya kukubali kazi. Moja ya aina hii inaeleweka. Zikifika tatu, hakuna maelezo yatakayozifunika, na binafsi ningesubiri hapo nilipo hadi nimalize jambo moja kubwa kabla ya kutuma maombi mengine.

Dhana: Mwisho mhakikishie kwamba hutaondoka.

Ukweli: Ahadi hiyo hana namna ya kuipima. Mpe kitu cha kupima. Mwombaji wetu angesema: "Kupanga bajeti, kuitekeleza na kuona kama makadirio yangu yalikuwa sahihi kunahitaji angalau mizunguko miwili ya mwaka. Je, nafasi hii inanipa mamlaka ya kufanya hivyo?" Jibu likiwa hapana, naye amejua mapema kwamba kazi hii ingekuwa ya tano fupi.