Mmoja yuko likizo, tupunguze moja ya tano?

“Tuko watano na kawaida tunamaliza pointi 40 kwa sprinti. Mmoja akienda likizo, si tunapanga 32 tu?”

Hapana, maana zamu ya sapoti haiendi likizo. Chukua sprinti ya siku 10 za kazi yenye Sabasaba ndani yake. Kwa kawaida watu watano wana siku 50. Kila siku mmoja wao anashinda akijibu tiketi za wateja, kwa hiyo zinabaki 40 za kujenga. Hizo ndizo zilizozaa pointi 40.

Sasa Sabasaba inaondoka na siku tano, moja kwa kila mtu. Aliye likizo anaondoka na tisa. Sapoti nayo inataka tisa, moja kwa kila siku ya kazi iliyobaki, ingawa mmepungua. Zinabaki 27, basi pangeni pointi 27 hivi. Mkibeba 32, mtaona tiketi zimekwama kwenye “inakaguliwa” Alhamisi ya mwisho.

Kuna kosa la upande wa pili, nimelifanya mwenyewe: kutoa siku za sapoti kwenye zile pointi 40. Sapoti ilishakatwa humo; ukiikata tena timu itakaa bure.