Midieta sio modereta: tunavyochanganya mambo kwenye data za korosho

Kuchanganya midieta, yaani kitu ambacho athari inapitia, na modereta, yaani kitu kinachoongeza au kupunguza athari, nakuona sana kwenye ripoti za miradi ya korosho huku Mtwara na Lindi. Tuchukue mfano, namba za kubuni. Mradi unataka kujua kama mafunzo ya bwana shamba yanaongeza kilo kwa mti. Mkulima kapata mafunzo au hajapata, huo ndo mwanzo. Katikati kuna raundi za salfa alizopuliza kuzuia ubwiriunga kipindi cha maua, na mwisho kuna kilo.

Dhana: ukitaka kujua kama mafunzo yanapitia kwenye salfa, zidisha mafunzo na raundi, uangalie intarakisheni.

Sivyo, hilo ni swali jingine kabisa. Intarakisheni inauliza mafunzo yanamsaidia nani zaidi, midieta inauliza yanasaidia kwa njia gani. Umri wa mikorosho ni modereta mzuri, maana mafunzo hayabadilishi umri wa mti, ila yanaweza kufanya kazi vizuri kwenye miti ya miaka 10 kuliko ya miaka 30. Tuseme faida ya mafunzo ni kilo 3.2 toa 0.05 kwa kila mwaka wa mti, basi kwenye miaka 10 ni kilo 2.7, kwenye miaka 30 ni 1.7. Hiyo 0.05 ndo intarakisheni yenyewe na t ya kawaida ya rigresheni inatosha kuipima. Hiyo 3.2 sasa usiitangaze, ni faida kwenye mti wenye umri sifuri, nani anavuna hapo!

Raundi za salfa ni kitu kingine. Zenyewe zinabadilika kwa sababu ya mafunzo, kwa hiyo unahitaji rigresheni mbili: moja inaangalia mafunzo yanaongeza raundi ngapi (tuseme 1.2), ya pili inaangalia kila raundi inaongeza kilo ngapi mafunzo yakiwa humohumo kwenye modeli (tuseme 1.5). Zidisha, unapata kilo 1.8 zilizopitia kwenye salfa. Zikibaki kilo 0.4 zinazotoka kwenye mafunzo moja kwa moja, jumla ni 2.2.

```r
m <- '
raundi ~ a*mafunzo
kilo ~ b*raundi + c*mafunzo
njia := a*b
'
f <- sem(m, data=d, se="bootstrap", bootstrap=5000)
parameterEstimates(f, boot.ci.type="perc")

# modereta:
summary(lm(kilo ~ mafunzo * umri, data=d))
```

(`sem` inatoka kwenye `lavaan`.)

Dhana: 1.8 igawanye kwa kosa lake sanifu, ukipata p juu ya 0.05 basi hakuna njia.

Hicho ndo kipimo cha Sobel cha 1982, na shida yake ni kwamba kinadhani zao la namba mbili limekaa kama kengele, wakati mara nyingi limeegemea upande mmoja. Kwenye mfano wetu makosa sanifu yakiwa 0.4 kwa ile 1.2 na 0.6 kwa ile 1.5, Sobel inakupa z ya 1.92, p karibu 0.055, na mtu anaandika "hakuna athari" anafunga laptop. Butistrapu haidhani umbo lolote. Inachota wakulima kutoka kwenye sampuli yako, kila anayechotwa anarudishwa kwa hiyo mtu mmoja anaweza kutokea mara tatu na mwingine asitokee kabisa, inapiga rigresheni zote mbili upya, inazidisha, inaandika jibu, inarudia mara 5000. Afu unapanga majibu yote, unakata asilimia 2.5 kila upande. Hapa ungetegemea kitu kama 0.3 hadi 4.0. Ona haijakaa sawa, chini imeshuka 1.5 juu imepanda 2.2, na sifuri haimo.

Dhana: butistrapu ikipita, umeshathibitisha salfa ndo sababu.

Hapa ndo pabaya zaidi. Hata kama mafunzo yaligawiwa kwa bahati nasibu, raundi hazikugawiwa, mkulima kaamua mwenyewe. Mwenye mashine yake ya kupulizia na hela ya vibarua atapuliza zaidi, na huyohuyo ndo anapogoa na kupalilia vizuri, kwa hiyo ile 1.5 imebeba palizi na hela ndani yake, na kuchota mara 5000 kunarudia kosa lilelile mara 5000. Kama ulipima mashine na hela, viingize kwenye rigresheni zote mbili; kama hukupima, sema wazi kwenye ripoti.

Halafu kama mafunzo yalitolewa kwa chama kizima cha msingi, usichote mkulima mmojammoja. Chota chama na watu wake wote, la sivyo kile kipindi cha 0.3 hadi 4.0 kinakuwa chembamba kuliko ukweli. Na vyama vikiwa sita tu, butistrapu haina cha kuchota hapo.