Kutaja Jina Hakubadilishi Leseni

"Nimepata mtandaoni klipu ya Ngome ya Yesu yenye alama ya CC, nikimtaja aliyeipiga, si naweza kuitia kwenye tangazo la hoteli?"

Jibu limo katika herufi zinazofuata alama hiyo ya leseni za Creative Commons. CC BY huruhusu biashara, mradi umtaje mwenyewe, uweke kiungo cha leseni na ueleze ulichobadilisha. CC BY-NC hukataza matumizi yanayolenga hasa faida ya kibiashara, na tangazo la hoteli ya Nyali limo humo waziwazi, hata jina ukiliandika kwa herufi kubwa kiasi gani. Hapo mwandikie mwenyewe, umwombe ruhusa nyingine kwa maandishi. CC BY-ND ndiyo inayowanasa wengi, kwa kuwa kuoanisha muziki wenye leseni hiyo na klipu ya video huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha, na kilichobadilishwa huruhusiwi kukisambaza.