Stetasi Ile Ni Yangu? Namna Ninavyosoma Fumbo la Rafiki

Mwezi uliopita alinijia nyumbani, huku Makulu, Dodoma, dada mmoja anayeuza nguo za watoto sokoni Sabasaba. Hata maji hajanywa, akaniwekea simu mkononi. "Mwalimu, nisomee hizi. Ni mimi au si mimi?" Zilikuwa skrinishoti za stetasi tatu za shoga yake, rafiki tangu chuoni, pamoja na majibu mawili mafupi aliyopewa. Ilikuwa siku ya nne hajalala vizuri.

Nimefundisha isimu ya Kiswahili kwa miaka mingi, na upande niliouzamia ni pragmatiki, yaani namna neno linavyomfikishia mtu jambo ambalo halikutajwa. Ndiyo maana watu huniletea simu zao. Karibu wote huanza na kosa moja: wanapima ukali wa maneno. Ukali unaonyesha kwamba mwandishi ana hasira. Haukuonyeshi hasira hiyo ni ya nani.

Ukitaka kuelewa stetasi ya mafumbo, anzia kwenye kanga. Mwanamke akivaa kanga yenye jina "Hasidi hana sababu" na kupita mbele ya nyumba ya jirani, ujumbe umefika. Jirani akitoka kuuliza, jibu lipo tayari: mimi nimevaa nguo yangu tu. Kila mtu anajua kilichosemwa, ila hakuna wa kushtakiwa kwa kukisema. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake maarufu ya mwaka 1975, alieleza kwamba maana ya kudokeza ina tabia hii: msemaji anaweza kuikana bila kujipinga. Mabibi zetu waliijua kazi hiyo kwa pindo na mji wa kanga. Stetasi imerithi kazi ile ile, tofauti ni kwamba kanga hupita mbele ya nyumba moja, na stetasi hupita mbele ya nyumba zote kwa saa 24.

Sasa, Kiswahili kinampa mwenye fumbo maficho mengi, na yako kwenye viambishi. Nafsi ya tatu yetu haina mwanamume wala mwanamke. "Aliyeniumiza" anaweza kuwa shoga, mchumba, kaka au mwajiri, na usipokuta kitenzi kama kuoa au kuolewa huwezi kujua. Nimeona mashoga wawili wakinuniana miezi kwa sababu ya "aliyeniumiza" ambaye kumbe alikuwa bwana. Kiambishi "hu-" nacho hakibebi nafsi wala wakati: "huchekea" ni leo, jana na siku zote, ni yeyote. Halafu kuna "u-", ambayo ndiyo huwanyima watu usingizi kuliko zote. Msomaji akiona "ukiahidi" au "uliyemwamini" anasikia anaitwa wewe. Lakini "u-" ya methali si wewe. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" haimsemi mtu. Na mara nyingi mtu mwenye uchungu hutumia "u-" akijisemea mwenyewe.

Kwa hiyo viambishi vinaficha. Kinachovuja ni nomino: mahali, kitu, kiasi, siku. Mwenye hasira hufunika vizuri vitenzi vyake, lakini anataka mlengwa ajijue, hivyo lazima aache kitu kimoja ambacho si cha kila mtu. Mimi hutafuta kitu hicho, kisha nauliza: kinawatosha watu wangapi?

Turudi kwa dada yule. Jumamosi kulikuwa na sendofu ya mdogo wake shoga, ukumbini Kisasa. Dada alikuwa kwenye kamati, aliahidi shilingi 100,000 na kutoa 40,000. Biashara ilikuwa imekwama, akaona aibu kusema. Alihudhuria, akakaa meza ya mbele, akala, akaondoka mapema.

Jumapili asubuhi ikaja stetasi ya kwanza: "Watu wengine hukuchekea usoni, kisogoni wanakuchimba." Ilikuwa kadi ya picha yenye maua, maandishi ya kupambwa. Kadi za namna hii husambazwa kwenye magrupu, mtu huichukua na kuiweka ndani ya sekunde mbili. Ndani yake hamna nomino hata moja ya maisha ya hawa wawili. Zaidi ya hayo, kosa la dada halikuwa kuchimba mtu kisogoni, lilikuwa kutotimiza ahadi. Fumbo na kosa havifanani. Hapo nilimwambia aiache, kwa sababu haina cha kusomeka.

Ya pili ilikuja Jumatatu saa tano usiku, ameiandika mwenyewe: "Nimejifunza. Uliyemwamini ndiye anayekuumiza." Hii ndiyo iliyomliza. "Mwalimu, ananiamini mimi kuliko wote." Nikamwonyesha "u-" ile: uliyemwamini ni yeye shoga anajisemea, amemwamini mtu. Mtu gani? Sarufi haisemi. Nikamuuliza mambo ya pembeni. Picha ya wasifu ilikuwaje wiki ile? Akakumbuka kwamba shoga alikuwa amepiga picha na mchumba wake, na Jumatatu hiyo picha ikatoka, likabaki ua. Na mlizungumza siku hiyo? Ndiyo, kuhusu upatu. Akanionyesha: "Shoga yangu usinisahau, tuma kabla ya saa kumi." Hayo ni maneno ya kila wiki, yenye joto lile lile. Alipoijibu stetasi yenyewe kwa "Pole shoga, kulikoni?" alipata "Asante. Mambo tu." Jibu hilo fupi alilisoma kama kisu. Mimi nalisoma vingine. Mtu aliyekulenga, ukimfuata mwenyewe na kumuuliza kulikoni, kwa kawaida huongeza kitu, kwa sababu umemfungulia mlango: "waulize wanaojijua", au kimya kabisa. "Asante" ni neno la mtu anayepokea pole. Ufupi wa jibu upimwe kwa jinsi anavyojibu mambo mengine siku hiyo hiyo, si kwa jinsi unavyotamani akujibu.

Ya tatu ni Jumanne mchana: "Ukiahidi timiza. Ukishindwa sema. Usinyamaze halafu uje kukaa meza ya mbele."

Hapa nilinyamaza kidogo. Sarufi ni ya watu wote, "u-" na "-ki-" za methali. Lakini ahadi na "meza ya mbele" ni za ukumbi mmoja, Jumamosi moja. Fumbo limevuja. Dada akasema, "Si umeona, ni mimi." Nikamwambia bado, tuhesabu. Mhazini alikuwa akibandika orodha kwenye grupu la kamati: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Tukaifungua. Meza ya mbele walikaa wanane. Kati yao, waliobaki na salio walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa ameahidi 200,000 bila kutoa hata shilingi.

Hilo ndilo jibu ninaloliamini: si "ni wewe", wala si "si wewe", ni "wewe ni mmoja wa watatu". Mtu mwenye kosa hukataa hesabu hii, kwa sababu ndani yake sauti ya kosa lake ni kubwa kuliko za wenzake. Mwaka 2000 wanasaikolojia wa Marekani, Thomas Gilovich na wenzake, walichapisha majaribio ambayo wanafunzi walivalishwa fulana ya kuwaaibisha na kuingizwa chumbani kwa wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliomo wameitambua picha iliyokuwa kwenye fulana. Waliokuwa wameitambua kweli walikuwa karibu robo. Tunadhani tunaonekana kuliko tunavyoonekana. Ndiyo nguvu ya jiwe gizani: mrushaji hahitaji kumwona mtu, atakayelia ndiye limempata, hata kama hakuwa yeye aliyewindwa.

Kisha likaja lile jibu la pili. Dada alikuwa ameijibu stetasi ya tatu kwa kijikatuni cha kucheka, ili aonekane hana neno. Shoga akarudisha: "Imekugusa?"

Watu wengi huchukulia "Imekugusa?" kama ungamo. Si ungamo. Dada alikuwa amezima tiki za bluu, na ukizizima mwenye stetasi hakuoni kwenye orodha ya waliotazama (nawe huwaoni wanaotazama zako). Kwa hiyo mpaka dakika ile shoga hakuwa na uhakika kama ameisoma. Kicheko ndicho kilichomtambulisha. Na ukichekea maneno makali ya mtu mwenye uchungu, unamlazimisha ajiulize unacheka nini. "Imekugusa?" inathibitisha jambo moja dogo: shoga anajua lipo la kumgusa dada. Haithibitishi kwamba lilirushwa kwa ajili yake.

Aliniuliza pia kuhusu kuonyeshwa: kama asingemlenga, mbona hakumficha? WhatsApp inamruhusu mtu kuonyesha stetasi kwa wote aliohifadhi namba zao, kwa wote isipokuwa aliowatoa, au kwa wachache aliowachagua. Kwa kawaida anayeona hajui ni chaguo lipi limetumika. Kutofichwa kuna maana mbili zisizopatana: alitaka uisome, au hakukuwaza kabisa. Ushahidi huu una uzito upande mmoja tu. Ukisikia kwa wengine stetasi ambayo wewe, unayeona zake zote, hukuiona, hapo yaelekea ulitolewa, na anayekutoa anakusema bila kutaka kusema nawe. Lakini usizunguke kuwauliza watu "mmeiona ile?" Swali hilo hufika kwa mwenyewe kabla ya jioni, na likifika limeshakuwa umbea.

Nilimkataza mambo mawili. Kwanza, asiweke stetasi ya kujibu. Fumbo likijibiwa kwa fumbo, wale watatu wanakuwa mmoja, kwa sababu amejitaja. Pili, asimpigie kumuuliza "ulikuwa unanisema mimi?", maana swali hilo hujibiwa kwa "kwani nimetaja jina?" na hakuna njia ya kwenda mbele. Fumbo limeundwa likanwe. Deni halikanwi. Ajibu deni.

Alipiga pale pale, amesimama mlangoni. "Shoga, ahadi yangu ya sendofu sijaimaliza. Nilikwama, nikaona aibu kusema. Ijumaa nakutumia 60,000 iliyobaki." Stetasi hakuitaja. Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda, kisha nikasikia sauti ikitoka kwenye simu: "Wala sikukulenga wewe, dada yangu. Ila nilijua nawe utaisoma."

Siku mbili baadaye alinitumia ujumbe. Uchumba wa shoga ulikuwa umevunjika Jumatatu ile. Kadi ya maua ya Jumapili hakuiuliza, na shoga hakuigusia.