Polikromia: rangi haikuchujuka, ilipukutika

Juzi nimelisikia tena, safari hii redioni: "Sanamu za Wagiriki zilikuwa na polikromia, lakini ilichujuka kwa jua." Hapana jamani.

Polikromia ni hali ya sanamu au jengo kupakwa rangi nyingi, basi. Si jina la rangi fulani. Neno lina asili ya Kigiriki: poli ni "-ingi", khroma ni "rangi". Ila hiyo khroma ina mambo, maana zamani ilitaja pia ngozi ya mtu, sura yake ya nje. Rangi ni kitu kilichovaliwa juu, na hapo ndipo "kuchujuka" kunapoharibu maelezo.

Kanga huchujuka kwa sababu rangi imeingia ndani ya uzi na inafifia humo humo. Sanamu ya marumaru ilipakwa juu. Fundi alisaga udongo mwekundu, azuriti ya buluu au malakiti ya kijani, akachanganya unga huo na kitu cha kuushikiza, kama yai au nta. Madini hayo yanavumilia jua vizuri. Kinachokufa ni gundi: ikishaoza, unga unakosa cha kuushika, na mvua inamalizia kazi.

Ushahidi umebaki kwenye jiwe lenyewe. Mtazame mpiga mshale wa hekalu la Afaia, kisiwani Egina, aliyefukuliwa mwaka 1811 na sasa yuko Munich. Ukimtazama kwa taa ya kawaida, miguu yake ni myeupe. Iweke taa pembeni kabisa, mwanga upite ukilamba uso wa jiwe, na suruali yake inaonyesha mistari ya pembepembe. Rangi moja ilidumu kuliko nyingine, kwa hiyo jiwe lililokuwa chini yake lilichelewa kuliwa na hewa. Tofauti ya kimo ni ndogo mno, lakini kivuli kinaifichua.

Kuna nyingine hazikupata hata nafasi ya kupukutika zenyewe. Msichana wa Akropoli ya Athene, yule wa vazi la peplo, alizikwa baada ya Waajemi kuubomoa mji mwaka 480 K.K., akafukuliwa mwaka 1886 akiwa bado na mabaki ya rangi. Sanamu za hekalu la Parthenoni, la huko huko Athene, zilizoko London zilisuguliwa kwa vyuma vya shaba mwaka 1937 na 1938 ili ziwe nyeupe zaidi. Hata hivyo, mwaka 2009 kamera ya miale ya infraredi ilionyesha chembe za buluu ya Misri kwenye mkanda wa mmoja wao, mungu wa kike Irisi, chembe ambazo jicho halizioni.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sema polikromia yake imepukutika, na pengine imesuguliwa. Kuchujuka tuachie kanga.