Mwali usiozimika: yanayosemwa kuhusu nyaya za sola, na yaliyo kweli

Mama mmoja mwenye duka la vinywaji baridi huko Dumila, Morogoro, aliniita kwa sababu kisanduku cha ukutani kilikuwa kinanuka plastiki iliyoungua kila ikifika saa sita mchana. Juu ya bati ana paneli 8 za wati 550, zimeunganishwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata, na ndani ana inveta ya kilowati 5 yenye betri. Kijana wake alishapanda kwenye paa ili achomoe konekta moja, mfumo ukiwa unafanya kazi. Nilimwomba ashuke kwanza. Akaniuliza, "Si umeme wa jua tu, fundi?"

Karibu kila nilichokikuta pale kilitokana na jambo ambalo mtu aliliamini kwa nia njema.

Dhana: umeme wa sola ni mdogo, hauwezi kuwa kama wa nguzo

Paneli moja ya wati 550 ikiwa wazi, bila mzigo, hutoa takriban volti 50. Nane kwa mfuatano zinakuwa volti 400, ilhali soketi ya ukutani ina 230. Lakini ukubwa wa volti ni nusu tu ya habari. Umeme wa nguzo ni wa AC: unageuka kwenda na kurudi, na kila unapogeuka unapita kwenye sifuri, mara 100 kwa sekunde moja. Ukitenganisha waya, cheche inayozuka hupata nafasi ya kufa kila mkondo unapofika sifuri. Umeme wa paneli ni wa DC, unaenda upande mmoja bila kupumzika. Ukiutenganisha unapopita, hewa kati ya vipande viwili vya chuma inageuka njia ya umeme, na mwali unabaki ukiwaka kama ule wa mashine ya kuchomelea. Joto lake linayeyusha shaba, plastiki ya konekta na ngozi ya mkono. Ukivuta polepole, mwali unarefuka tu na kufuata.

Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilichomoa konekta ya mstari wa paneli 6 saa saba mchana. Mwanga ulikuwa mweupe wenye ubuluu, na nusu ya konekta ilibaki mkononi mwangu bila pini. Kidole gumba kilipona baada ya wiki tatu. Ndiyo maana nilimshusha kijana yule kabla hata ya kusalimiana vizuri.

Wingu nalo halikulindi kama watu wanavyodhani. Mwanga ukipungua, ampea hushuka kwa kiasi kilekile, lakini volti karibu zinabaki palepale. Asubuhi yenye ukungu mstari ule bado una volti zinazokaribia 400.

Dhana: konekta zikiingiana na kulia "kach", zimeungana

Hizi tunazoziita MC4 zinatengenezwa na viwanda vingi, na sura zao zinafanana mno. Konekta ya kiwanda kimoja inaweza kuingia kwenye ya kiwanda kingine na ikalia vizuri kabisa, lakini pini na tundu lake hazikupimwa pamoja. Zinagusana kwa eneo dogo, kisha joto la mchana na baridi ya usiku vinazilegeza, unyevu unaingia, kutu inafuata.

Kwa nini hilo lilete moto? Konekta nzima ina ukinzani usiofika nusu ya sehemu moja ya elfu ya omu. Mkondo wa ampea 13 ukipita humo, joto linalotokea halifiki hata sehemu ya kumi ya wati moja. Ukinzani ukipanda hadi 0.1 ya omu tu, hesabu inakuwa 13 × 13 × 0.1, yaani karibu wati 17, ndani ya kitu kisichozidi ukubwa wa kidole. Ni kama kushika ncha ya pasi ndogo ya kulehemu iliyofungiwa ndani ya plastiki, kila siku, saa tano au sita. Siku plastiki inapolainika na pini kuachana kidogo, mwali unawaka ndani bila mtu kugusa chochote, na hakuna wa kuuzima.

Pale Dumila, konekta za paneli zilikuwa za aina moja, na mbili za nyaya ndefu zinazoshuka ukutani zilikuwa za aina nyingine, tena zimebanwa kwa koleo la kawaida la mdomo bapa. Niliichukua ile iliyokuwa imebadilika rangi kuwa kahawia, baada ya kuzima kila kitu, nikauvuta waya wake kwa mkono. Pini ilitoka nyuma ya ganda kama jino bovu.

Kazi sahihi si ngumu, ila haina njia ya mkato. Konekta mbili zinazokutana ziwe za kiwanda kimoja na aina moja, hata kama itabidi ukate ile ya paneli na kuweka mpya (uliza kwanza masharti ya dhamana). Pitisha nati na mpira kwenye waya kabla ya kubana, maana ukisahau utakata na kuanza upya. Waya uwe wa sola, wenye nyuzi nyembamba zilizopakwa bati, milimita za mraba 4 au 6, na pini iwe ya ukubwa huohuo. Menya urefu ulioandikwa na mtengenezaji, kwa kawaida milimita 6 au 7, bila kukata hata uzi mmoja. Bana kwa koleo lililotengenezwa kwa pini hizo, lile linalokunja mabawa mawili ya pini kuingia ndani ya nyuzi. Vuta kwa nguvu: waya usisogee. Sukuma pini ndani ya ganda mpaka ilie, uvute tena kidogo kuhakikisha imenasa, ndipo ukaze nati ya nyuma kwa spana yake. Na usiamini umbo la konekta kukuambia chanya na hasi. Pima kwa mita kila mara.

Dhana: breka ni breka, mradi ampea zinatosha

Harufu iliyoniitisha ilitoka kwenye breka ya AC ya ampea 32, ya nyumbani, iliyowekwa kati ya paneli na inveta. Ampea zilitosha, ni kweli. Lakini breka ile imeundwa ikitegemea umeme upite sifuri uisaidie kuzima mwali. Kwa DC ya volti 400 haipati msaada huo. Kila mwenye duka alipoizima na kuiwasha, mwali ulikuwa unatafuna midomo yake ya ndani, ikawa inapitisha umeme kwa shida na kupata joto. Niliipasua baadaye. Midomo ilikuwa myeusi na yenye mashimo.

Kinachotakiwa ni swichi ya kutenganisha iitwayo aisoleta ya DC, yenye volti zinazozidi zile za paneli zikiwa wazi, na inayokata waya zote mbili, chanya na hasi. Ukigeuza kitasa chake, springi ndani ndiyo inayotenganisha midomo kwa kasi, haidhuru mkono wako una wasiwasi kiasi gani. Kwenye mchoro wake utaona jinsi baadhi ya nguzo zinavyounganishwa mfululizo ili mwali ugawanyike sehemu kadhaa. Fuata mchoro huo.

Zipo pia breka za DC, na hapa kuna mtego ambao hata mafundi wenzangu wengi hawaujui. Baadhi zina alama za + na − kwenye uso wake. Ndani zina sumaku inayosukuma mwali kwenda kwenye chumba cha kuuzimia. Ukifunga waya kinyume, sumaku ileile inausukuma mwali upande usiofaa, na breka inaungua siku utakapoizima ikiwa na mzigo. Itafanya kazi miezi bila dalili yoyote. Mimi huchagua zisizo na alama ya upande.

Dhana: nyaya za paneli zikigusana, fyuzi itakata

Hii ndiyo iliyomshangaza zaidi yule mama, kwa sababu alikuwa ameuziwa fyuzi kama kinga ya shoti. Paneli haifanani na betri. Ukiigusanisha chanya na hasi, inatoa ampea zilizozidi kidogo tu zile za kazi. Hizi za wati 550 hufanya kazi kwa takriban ampea 13, na zikipigwa shoti zinatoa takriban 14. Fyuzi ya ampea 25 iliyo kwenye mstari mmoja haitakatika hata ukisubiri mpaka magharibi.

Fyuzi ya paneli inaanza kuwa na kazi mistari ikiwa mitatu au zaidi kwa sambamba. Mstari mmoja ukiharibika, ile mingine miwili inausukumia mkondo wake: 14 na 14 ni 28. Nyuma ya paneli hizi kumeandikwa kiwango cha juu cha fyuzi, ampea 25, kwa hiyo 28 zinaweza kuiunguza paneli. Hapo kila mstari unahitaji fyuzi yake. Chukua 14 mara 1.5, unapata 21, panda hadi saizi inayofuata inayouzwa bila kuzidi 25. Iwe imeandikwa gPV, alama ya fyuzi za sola, na volti za DC zinazotosha. Fyuzi ya kioo ya redio haifai kabisa. Kishikio chake nacho si swichi. Kukifungua mkondo ukiwa unapita ni sawa na kuchomoa konekta.

Kwa betri ni kinyume. Betri ya lithiamu ya volti 48 ikipigwa shoti inaweza kumwaga ampea maelfu, na hapo fyuzi ya DC, karibu kabisa na nguzo ya chanya, ndiyo inayouokoa waya.

Dhana: ukishazima aisoleta, chomoa

Tulizima hivi. Kwanza mizigo ya duka, kisha inveta yenyewe, ili mkondo wa paneli ushuke hadi karibu sifuri. Kisha breka ile iliyokuwa mahali pa aisoleta. Kisha nikapima mkondo kwa mita ya kubana kwenye waya, nje ya konekta. Mita iwe inayosoma DC, kwani nyingi za bei nafuu husoma AC peke yake na zitakuonyesha sifuri hata zikipita ampea 13. Kipimo hiki si cha kupoteza muda: waya uliochubuka na kugusa bati mahali pawili unaweza kuendelea kupitisha umeme huku aisoleta imezimwa. Sifuri ilipothibitika ndipo nikafungua konekta kwa ufunguo wake, nikiwa nimevaa glovu za volti 1,000, maana nyaya kutoka paneli hadi kwenye breka bado zilikuwa na volti 400. Kwenye inveta nilisubiri dakika zilizoandikwa ubavuni mwake, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji.

Kurudisha ni kinyume: konekta zote zifungwe aisoleta ikiwa imezimwa, pima volti na upande, ndipo washa. Kwa mfumo wenye chaja kontrola, betri iunganishwe kabla ya paneli, na paneli ziondolewe kabla ya betri.

Kesho yake saa saba mchana, duka likiwa na friji zote mbili, nilipima konekta zote kwa kipimajoto cha infraredi. Zote zilikuwa zinatofautiana kwa nyuzijoto 2 au 3 tu. Yule kijana aliyekuwa juu ya paa ndiye aliyekuwa akiziandika namba.